Kwa Nini Pesa ya Simu Haivuki Ziwa Nyasa

Tumezoea kujisifu kwamba Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotangulia barani katika matumizi ya pesa za simu, na sifa hiyo tunaistahili. M-Pesa ilianza kufanya kazi nchini mwaka 2008. Kuanzia mwaka 2014 kampuni za simu zikaanza kukubaliana wateja wao watumiane fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zilikuwa bado zinalijadili mezani. Leo mkulima wa kahawa wa Mbinga anamtumia mwanawe aliyeko chuoni Mtwara fedha za matumizi, na chai yake haijapoa. Lakini mkulima huyohuyo akiteremka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, safari ya takribani kilomita 66 kwa barabara ya lami, akasimama ufukweni na kutaka kumlipa mtu aliyeko Nkhata Bay, ng'ambo ya ziwa hilohilo, ustadi wetu wote unaishia majini.

Ukiwauliza watu wa pwani ya Nyasa sababu, wengi watakujibu kwa neno moja: mtandao. Neno hilo limekuwa shimo la kutupia kila lawama. Minara ya simu, hata hivyo, haina hatia kubwa katika jambo hili. Fedha hukwama kati ya Tanzania na Malawi kwa sababu tatu tofauti, ambazo ni njia, sarafu na kikomo. Kila moja ina dalili zake na kila moja ina mwenye dhamana wake. Zaidi ya hapo, na hili ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo, fedha zinazotoka kwetu kwenda Malawi hukwama kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ile inayozikwamisha zinazotoka Malawi kuja kwetu. Anayetaka kutibu pande zote mbili kwa dawa moja atapoteza muda.

Mwaka jana nilikaa siku kadhaa Mbamba Bay nikizungumza na wafanyabiashara wadogo wanaovusha bidhaa. Nitawataja wawili tu, bila majina. Mmoja ni mama anayenunua usipa mkavu kutoka upande wa Malawi pale unapoadimika kwetu, na kuuza Mbinga mjini na Songea. Mwingine ni kijana anayepeleka ng'ambo sabuni, vitenge na mchele. Mama anahitaji fedha ziende Malawi. Kijana anahitaji fedha zitoke Malawi. Kwa pamoja wanatupa picha yote.

Nianze na mama. Alinionyesha katika simu yake ujumbe wa muamala wa shilingi 500,000 alioupeleka kwa muuza usipa wake kupitia huduma ya kutuma fedha nje ya nchi. Menyu iliikubali nchi, ikaikubali namba ya mpokeaji, ikaikubali namba yake ya siri, na fedha zikakatwa. Kisha ukaja ujumbe kwamba muamala unashughulikiwa. Uliendelea kushughulikiwa siku mbili. Siku ya tatu fedha zikarejea katika salio lake bila maelezo, na boti aliyokusudia ibebe magunia yake ilikwisha kuondoka na mzigo wa mtu mwingine. "Mwalimu," aliniuliza, "kwa siku zote hizo hela yangu ilikuwa imelala wapi?"

Swali lake ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani, na jibu lake ni kwamba haikwenda popote. Tunaposema tumetuma fedha nje kwa simu, hakuna shilingi inayovuka mpaka wakati ule. Baina ya kampuni ya simu ya Tanzania na ile ya Malawi husimama mshirika, ambaye mara nyingi ni kampuni ya kati ya kuhamisha fedha au benki. Mshirika huyo huweka mapema akiba ya kwacha katika akaunti iliyoko Malawi. Mama akibonyeza kutuma, shilingi zake zinazuiliwa huku, na mpokeaji analipwa kwacha kutoka katika ile akiba iliyokuwapo kule tangu awali. Baada ya siku kadhaa mshirika hujumlisha hesabu, hutafuta dola, hununua kwacha na kuijaza akiba upya. Akiba ikikauka kabla ya kujazwa, miamala husubiri foleni. Muda wa kusubiri ukipita, mfumo hufuta muamala na kurudisha fedha. Ndicho kilichompata mama yetu.

Basi njia, au ushoroba kama waitavyo wataalamu, ni mkataba pamoja na akiba. Tena hufunguliwa kwa nchi mbili mahususi, kwa mtandao mahususi wa kila upande, na kwa uelekeo mmoja mmoja. Kampuni inaweza kuwa na njia ya kupeleka Kenya bila ya Malawi. Inaweza kuwa na njia ya kupeleka kwa wateja wa Airtel Money wa Malawi, lakini si kwa wa Mpamba, huduma ya kampuni ya TNM. Inaweza kupokea kutoka nchi fulani isiweze kupeleka huko. Kuona jina lilelile la kampuni juu ya vibanda vya mawakala pande zote mbili za ziwa hakuthibitishi chochote, kwa kuwa kampuni dada ni kampuni mbili zenye leseni mbili chini ya benki kuu mbili.

Hapa ndipo siasa za jumuiya za kikanda zinapoingia, na watumishi wa umma wanaonisoma wataniwia radhi nikiwakumbusha wanayoyajua. Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina mfumo wake wa malipo unaoziunganisha benki kuu za wanachama. Malawi haimo. Malawi imo katika Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, yaani COMESA, ambalo nalo lina mfumo wake wa malipo. Sisi tulijitoa COMESA mwaka 2000. Tunakutana na jirani yetu katika SADC, na mfumo wa malipo wa SADC ulioanza mwaka 2013 ulijengwa juu ya randi ya Afrika Kusini. Kwa maneno mengine, mama wa Mbamba Bay mwenye shilingi na muuza usipa wa Nkhata Bay anayetaka kwacha, ambao wangeweza karibu kuonana moto wa jioni ukiwashwa, wakitaka kukutana rasmi itawabidi wapitie dola ya Marekani au randi ya Johanesibagi. Kila kituo cha njiani kina ada yake na pengo la bei ya kununua na kuuza.

Linganisha na Kenya. Mwaka 2015 wateja wa M-Pesa wa Tanzania na wa Kenya waliunganishwa wakaanza kutumiana moja kwa moja, na mwaka uliotangulia Tigo ilikuwa imekwisha kuunganisha wateja wake wa Tanzania na wa Rwanda. Njia hizo zilishika kwa kuwa fedha zilikuwa na kazi ya kufanya pande zote mbili na sarafu zenyewe zilipatikana. Akiba inayotumika upande mmoja hujazwa kwa sehemu kubwa na miamala inayotoka upande wa pili. Ziwa Nyasa nalo lina biashara ya pande zote mbili. Linachokosa ni sarafu inayobadilishika kwa bei ambayo watu wanaiamini, na hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Mwezi Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi iliishusha thamani kwacha kwa asilimia 44, kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja. Mwaka uliotangulia, Mei 2022, ilikuwa imeishusha kwa asilimia 25. Tangu wakati huo bei rasmi imetulia karibu na kwacha 1,750, lakini utulivu huo ni wa kwenye karatasi. Mitaani dola imekuwa ghali zaidi, na katika mwaka 2025 iliripotiwa kuuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Sababu yake si fumbo. Malawi huuza nje tumbaku na mazao mengine machache, huagiza mafuta, mbolea na dawa, na akiba yake ya fedha za kigeni imekuwa finyu kwa miaka mingi. Dola chache zinapopatikana, serikali huziwekea foleni, na mfanyabiashara wa sabuni wa Nkhata Bay hawezi kuwa mbele ya meli ya mafuta katika foleni hiyo.

Tufanye hesabu kwa viwango vya mviringo ili iwe nyepesi. Chukua dola moja kuwa shilingi 2,500, bei rasmi ya kwacha kuwa 1,750 kwa dola, na bei ya mitaani kuwa 3,500. Shilingi 500,000 za mama ni dola 200. Zikipita katika njia rasmi, muuza usipa atapokea kwacha 350,000. Zikipita mkono kwa mkono ufukweni, atapokea 700,000. Kwa kuwa magunia ya usipa kule yanauzwa kwa kwacha, mama anayetumia simu kwa uaminifu anarudi na nusu ya mzigo wa jirani yake aliyepita pembeni. Je, kuna mhubiri wa uchumi wa kidijiti atakayemshawishi? Aliniambia kwamba alijaribu njia rasmi siku ile kwa sababu moja tu: mtu wake wa kumbadilishia alikuwa safarini.

Kwa hiyo fedha zinazokwenda Malawi hukwama kwa kukosa wateja. Malawi inazitaka mno dola ambazo njia hiyo ingeingiza, na hakuna sheria inayozuia, ila bei yake inamnyang'anya mtumaji nusu ya thamani. Miamala inakuwa michache. Mshirika anaona haina faida kufungia fedha zake katika sarafu inayoweza kushushwa kwa asilimia 44 kwa tangazo la siku moja, anaweka akiba ndogo, na akiba ndogo inakauka haraka. Ndipo yule mmoja aliyejaribu kutuma 500,000 anakutana na siku tatu za ukimya.

Sasa geuza uelekeo, umtazame kijana wa sabuni. Mteja wake wa Nkhata Bay anadaiwa shilingi 500,000 na ana kwacha 700,000 mfukoni. Kama angeruhusiwa kutuma kwa njia rasmi, kwacha 350,000 tu zingetosha kumaliza deni, na nusu nyingine ingebaki kwake. Nani asingetaka biashara hiyo? Kila mwenye kwacha angekimbilia simu yake. Lakini mshirika aliyemlipa kijana shilingi huku angebaki na kwacha kule, na kuzigeuza ziwe dola kwa bei rasmi kungemlazimu apange foleni ileile ya mafuta na mbolea. Uelekeo huu hukwama kwa kuwa na wateja wengi kupita kiasi na dola chache mno. Kampuni hujilinda ama kwa kutoufungua kabisa, ama kwa kuufungua kwa kiasi kidogo kisichofaa kitu kwa mfanyabiashara, ama kwa kuufunga kimyakimya dola zinapopungua.

Hapo ndipo sababu ya tatu inapoingia, yaani kikomo. Kila pochi ya simu ina kiwango cha juu cha muamala mmoja, cha siku nzima, na cha salio linaloruhusiwa kukaa ndani. Viwango hivyo hufuata jinsi mteja alivyojisajili. Kwetu usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulikuwa lazima kufikia Januari 2020. Muamala wa kuvuka mpaka una vikomo vitatu kwa wakati mmoja: cha mtumaji, cha mpokeaji, na cha njia yenyewe ambacho mshirika amekiweka. Kinachoshinda ni kile kilicho chini kuliko vyote. Mtumaji huona cha kwake tu.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni kwamba vikomo hupangwa kwa sarafu ya ndani, na sarafu ikianguka navyo huanguka nayo. Tuseme pochi fulani ya Malawi ilikuwa na kikomo cha kwacha 1,000,000. Usiku wa kuamkia tangazo la Novemba 2023 kiasi hicho kilikuwa na thamani ya dola 847. Kesho yake kilikuwa dola 588. Hakuna aliyegusa kanuni, hakuna waraka uliotolewa, lakini mfanyabiashara amepunguziwa uwezo wa kulipa kwa karibu theluthi moja. Kwa bei ya mitaani ya mfano wetu, ambayo ndiyo bei halisi ya mzigo wake, kikomo hicho hakifiki hata dola 300. Akitaka kulipa zaidi atagawa malipo katika siku mbili au tatu. Kila kipande kitatozwa ada yake, na mgawanyo wenyewe ndio tabia ambayo mifumo ya kuzuia utakatishaji fedha imefundishwa kuishuku.

Msomaji atauliza: mtu wa kawaida atajuaje ni ipi kati ya sababu tatu iliyomkwamisha? Dalili zipo. Ikiwa nchi au mtandao wa mpokeaji haumo katika menyu, au namba inakataliwa kabla hujaombwa namba ya siri, hakuna njia, na kurudia hakutasaidia. Ikiwa muamala unakataliwa papo hapo baada ya namba ya siri, lakini kiasi kidogo kinapita, umegonga kikomo. Ikiwa fedha zinakatwa, ujumbe unasema subiri, na hata kiasi kidogo nacho kinasubiri vilevile, tatizo kwa kawaida ni akiba ya sarafu upande wa pili. Hali hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, maana fedha si zako wala si za unayemlipa kwa muda wote huo. Kuna mchanganyiko mmoja unaopotosha: salio la mpokeaji linapokuwa karibu na kikomo chake, fedha hukatwa kwako ndipo zikataliwe kule, na kwa nje inaonekana kama akiba imekauka. Kumpigia mpokeaji na kumwomba atoe kwanza alichonacho hutatua hilo mara moja.

Wakati mifumo rasmi imekwama, mama na kijana wameunda wa kwao. Mama anataka kwacha 700,000 zimfikie muuza usipa. Kijana anadai kwacha 700,000 kwa mteja wake wa Nkhata Bay. Kijana anampigia mteja wake simu na kumwambia amlipe muuza usipa kwa pochi ya Malawi, palepale nchini. Mama anamlipa kijana shilingi 500,000 kwa pochi ya Tanzania. Miamala miwili ya ndani imefanyika, madeni mawili yamekwisha, na hakuna senti iliyovuka ziwa wala dola iliyohitajika. Mabenki makubwa ya dunia hufanya jambo hilohilo kila jioni, wakilipana tofauti tu ya madeni yao, na huajiri watu wenye shahada kama yangu kulisimamia.

Lakini sitaki kuusifu ufundi huu kupita kiasi. Siku moja mteja wa Nkhata Bay aligonga kikomo cha siku cha pochi yake na kutuma sehemu tu ya fedha. Mama alikwisha kumlipa kijana shilingi zote, na muuza usipa akazuia magunia hadi kesho yake. Waliyamaliza kwa sababu wanajuana. Wangekuwa hawajuani, mama angepeleka wapi malalamiko? Ujumbe alio nao unaonyesha alimtumia Mtanzania mwenzake shilingi 500,000, basi. Hauonyeshi usipa wala kwacha. Akienda kituoni atalazimika kwanza kueleza kwamba alishiriki kubadilisha fedha za kigeni na mtu asiye na leseni ya Benki Kuu. Baada ya operesheni za mwaka 2018 na 2019 dhidi ya maduka ya kubadilisha fedha, hakuna mfanyabiashara mdogo asiyejua uzito wa maneno hayo. Na kanuni za mwaka 2025 zinazokataza kutaja bei na kupokea malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi zimemziba upande mwingine pia: kijana hawezi kihalali kuuza sabuni yake ufukweni Mbamba Bay kwa kwacha taslimu. Naielewa nia ya kanuni hizo, nayo ni kuilinda shilingi dhidi ya dola ya mahoteli na nyumba za kupanga za Dar es Salaam. Sidhani kama aliyeziandika alikuwa akifikiria usipa.

Tuna tabia ya kuita ushoroba kile kinachoonekana kwa macho. Mwaka 2004 Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilitia saini makubaliano ya Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara, na kwa haki kabisa barabara imefika Mbamba Bay na bandari mpya inajengwa pale. Bandari hiyo ikikamilika itapakia mizigo ya watu ambao hawana namna halali na nafuu ya kulipana. Aprili 2025, Tanzania ilipozuia mazao ya Malawi kujibu zuio la Malawi dhidi ya mazao yetu, mawaziri walikutana na ndani ya muda mfupi zuio likaondolewa. Kumbe tunaweza kuharakisha tunapotaka. Zuio la malipo limekuwapo muda wote huo na halijawahi kuitiwa kikao cha dharura.

Nini kifanyike? Silitegemei suluhisho kubwa la sarafu moja ya kikanda, na nisingependa wanafunzi wangu walingoje. Pengo la kwacha ni jambo la Malawi kulitatua, na halitatatuliwa Mbamba Bay. Lakini biashara ndogo ya ziwa inaweza kutengewa chumba chake. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari inamtambua mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 na kumpa cheti cha asili kilichorahisishwa ili asizungushwe forodhani. Tanzania na Malawi zina Tume ya Pamoja ya Kudumu ya Ushirikiano. Tume hiyo inaweza kuzipa benki kuu mbili kazi moja mahususi: kuruhusu wafanyabiashara waliosajiliwa wa Nyasa, Kyela, Nkhata Bay na Karonga walipane shilingi kwa kwacha hadi kiasi cha namna hiyo, mshirika mwenye leseni akioanisha madeni ya pande mbili kama afanyavyo kijana wa sabuni, na dola zitafutwe kwa ajili ya tofauti inayobaki mwisho wa wiki tu.

Najua pingamizi litakaloletwa na wenzangu wa Benki Kuu: kwa bei gani? Ni pingamizi la haki. Kwa bei rasmi hakuna Mtanzania atakayepokea kwacha, na mpango utakufa ndani ya mwezi. Ni lazima bei ya chumba hiki iachwe ijipange kati ya wanaonunua na wanaouza, itangazwe kila asubuhi, na Lilongwe ikubali kwamba kiasi hiki kidogo kiko nje ya bei yake. Hilo ni gumu kisiasa kwao, kwa sababu kila bei ya pili inayoruhusiwa ni ushahidi dhidi ya ile ya kwanza. Kinachowapunguzia ugumu ni kwamba bei ya pili ipo tayari, inatumika kila siku ufukweni, na kwa sasa hawaioni, hawaihesabu wala hawaitozi.

Lipo jambo jingine ambalo halihitaji mkataba, tume wala dola. Benki Kuu ya Tanzania, yenye mamlaka juu ya watoa huduma chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, inaweza kuagiza kwamba muamala wa nje ukishindwa, ujumbe utaje sababu kwa Kiswahili: hakuna njia ya kwenda mtandao huo, umezidi kikomo, na kikomo ni hiki, au akiba ya upande wa pili haitoshi, na fedha zako zitarudi kabla ya saa fulani. Iagize pia kwamba kabla ya namba ya siri mtumaji aonyeshwe idadi kamili ya kwacha atakayopokea mwenzake, na kwamba fedha zilizokatwa zisikae hewani zaidi ya siku moja. Mama wa usipa angeipata taarifa hiyo asubuhi ya siku ya kwanza, wakati boti ikiwa bado imefungwa gatini.